Photoshop, GIMP au Photopea: ipi ya kupaka gari la iRacing kwa kiolezo cha PSD

Kama unataka kupaka upya gari moja au mawili na huna programu yoyote ya picha, tumia Photopea. Kama utapaka kila wiki, au intaneti yako inakatika ovyo, kaa na GIMP. Photoshop ina faida za kweli, ila zinamfaa anayeilipia tayari kwa kazi nyingine. Kuilipia kila mwezi kwa ajili ya rangi za gari la gemu ni kukodi lori ili ubebe mkoba.

Zote tatu zina brashi, maandishi, rangi mseto na zana za kuchagua eneo, na kwa hayo hakuna gari litakalokushinda. Zinapishana mahali patatu: zinavyofungua kiolezo, zinavyobeba stika moja inayokaa sehemu nne za gari, na faili zinayotoa mwishoni. Hapo pa mwisho ndipo watu wengi hupotezea jioni nzima.

Mfano wetu ni BMW M4 GT3 ndani ya iRacing. Rangi ya msingi ni buluu iliyokoza, mstari wa chungwa unaanzia boneti, unapita juu ya madigadi na kuishia mlangoni, namba 27 tumeichora wenyewe, na neno KASI limekaa kwenye milango miwili, bampa ya mbele na spoila. Ni kazi ya kawaida, na ina mitego yote muhimu.

Kiolezo na faili inayotakiwa

Kila gari la iRacing lina kiolezo chake, faili ya PSD yenye upana na urefu wa pikseli 2048. Ukiifungua utaona mwili wa gari umetandazwa kama ngozi iliyochunwa: upande wa kushoto peke yake, wa kulia peke yake, boneti, paa, bampa, kila kimoja pahali pake. Juu ya vipande hivyo kuna leya za mistari inayoonyesha umbo la gari na maeneo yasiyopakwa. Leya hizo zimewekwa kwenye kundi lenye jina linalojieleza, `Turn Off Before Exporting TGA`. Wewe unachora chini yake, ukiitazama kama ramani.

Mwishoni gemu inataka faili ya picha ya TGA ya biti 24, iliyopunguzwa ukubwa kwa mbano wa RLE, ikae kwenye folda ya gari husika:

```
Documents\iRacing\paint\bmwm4gt3\car_num_123456.tga
```

Hiyo 123456 ni mahali pa namba yako ya mteja wa iRacing. Neno `num` ndani ya jina lina kazi: likiwepo, gemu haibandiki namba yake, kwa hiyo 27 uliyochora ndiyo inayoonekana. Ukiita faili `car_123456.tga`, gemu itabandika namba yake juu ya mchoro wako. Ukiona namba mbili zimepandana mlangoni, usihangaike na leya. Badilisha jina la faili.

Ukiwa ndani ya gari, `Ctrl+R` hupakia rangi upya bila kutoka. Utabonyeza vitufe hivyo mara nyingi, na kwa hiyo swali la programu ipi ichaguliwe linahusu pia muda unaopita kati ya kurekebisha kitu na kukiona kwenye gari.

Kufungua kiolezo

Photoshop hufungua PSD kama ilivyo, hilo halina mjadala. Photopea imejengwa kuzunguka muundo huohuo, hivyo makundi, vinyago, modi ya `Multiply`, mitindo ya leya na `Smart Object` vyote vinafunguka na kuendelea kuharirika. Inafanya kazi ndani ya kivinjari, lakini faili yako haipandishwi popote. Hesabu zote zinafanywa na kompyuta yako. Hilo lina gharama. Leya moja iliyojaa ya 2048 kwa 2048 ni baiti milioni 16.8 kwenye kumbukumbu, kwa sababu kila pikseli inachukua baiti 4. Leya 40 za namna hiyo zinafika megabaiti 670 kabla ya kuhesabu historia ya kurudi nyuma. Kwa mashine yenye RAM ndogo na gemu imefunguliwa pembeni, kivinjari kitaanza kukwama.

GIMP inafungua makundi, vinyago na modi za kuchanganya bila shida, na kwa kiolezo kitupu hilo latosha. Utajua tofauti ukipewa PSD iliyokwisha kupakwa na mtu mwingine. `Smart Object` zinageuka kuwa leya za kawaida, na maandishi yanaingia kama picha, yaani huwezi tena kubadilisha herufi. Kwenye matoleo ya 2.10, vivuli na mipaka iliyowekwa kama mitindo ya leya haionekani kabisa. Toleo la 3.0 lililotoka mwaka 2025 limeleta vichujio visivyoharibu leya, na hilo limepunguza pengo kwa kazi unayoianza mwenyewe. Lakini kama mpango wako ni kupokea PSD za watu na kuzibadilisha, Photopea itakuokolea muda kuliko GIMP.

Kuna usumbufu mwingine wa GIMP unaowachanganya wanaotoka Photoshop. Leya ya GIMP ina ukubwa wake. Ukiingiza nembo ya pikseli 300, leya yake ni ya pikseli 300, na kwenye 2.10 brashi ikivuka mpaka wake wa nukta za njano haiachi rangi. Watu hudhani programu imeganda. Dawa ni `Layer > Layer to Image Size` kabla ya kuchora.

Paint.NET hutajwa sana kwenye mazungumzo haya kwa sababu ni nyepesi. Yenyewe haifungui PSD bila programu-jalizi, na haina makundi ya leya, kwa hiyo kiolezo chenye leya nyingi kinamwagika kuwa orodha moja ndefu. Inafaa kupunguza nembo au kubadili rangi ya kitu kimoja. Kupaka gari zima, hapana.

Mstari unaovuka vipande

Sehemu hii haitegemei programu, lakini usipoielewa utailaumu programu bure.

Boneti na madigadi ni vipande tofauti kwenye kiolezo, na havikuchorwa kwa kipimo kimoja. Ukichora mstari wa pikseli 180 kwenye boneti na mwingine wa pikseli 180 kwenye madigadi, ukienda kwenye gari utaona umepanda ngazi pale vipande vinapokutana: upande mmoja mpana, mwingine mwembamba. Kukadiria kwa macho ni kazi isiyoisha. Tengeneza gridi.

Chora miraba ya pikseli 64 juu ya picha nzima, rangi mbili zikipishana, na kwenye kila mraba andika herufi ya safu na namba ya mstari: A1, A2, B1, na kuendelea. Picha ya 2048 inatoa miraba 32 kwa 32, hivyo baada ya Z endelea na AA. Itoe kama TGA, iweke kwenye gari, kisha tazama kiungo cha boneti na madigadi kwa karibu. Hapo unasoma mambo mawili. Kwanza, mraba upi unagusana na upi: tuseme H7 ya boneti inakutana na T19 ya madigadi. Pili, uwiano: kama upana uleule wa bodi unabeba miraba 4 ya boneti na 3 ya madigadi, basi mstari wa 180 kwenye boneti unatakiwa uwe 180 × 3 ÷ 4, yaani pikseli 135, kwenye madigadi. Baada ya hapo unachora kwa hesabu.

Gridi hiyo ihifadhi kama PNG. Itakufaa kwa kila gari utakalopaka, katika programu yoyote kati ya hizi.

Jambo la pili ni kingo. Usiishie kupaka pale mstari wa umbo unapoishia. Vuka kwa pikseli 8 hadi 16. Gari likiwa mbali, gemu hutumia nakala ndogo za picha yako: 1024, 512, 256. Kwenye nakala ya 256, pikseli moja ni wastani wa eneo la 8 kwa 8 la picha ya awali. Kama nje ya ukingo kuna nyeupe, wastani huo unaivuta nyeupe ndani, na gari linaonekana limeshonwa kwa uzi mweupe kwenye viungo vyote. Dalili yake ni kwamba mistari hiyo huonekana gari likiwa mbali na kupotea ukisogea. Dawa rahisi ni kujaza leya ya chini kabisa kwa buluu ya msingi, picha nzima, bila kufuata umbo la vipande.

Neno KASI mara nne

Hapa ndipo Photoshop na Photopea zinapoiacha GIMP, na kwa mbali.

Kwenye Photoshop unaandika KASI, unaigeuza kwa `Convert to Smart Object`, kisha unainakili kwa `Ctrl+J` mara tatu. Nakala zote nne zinachota kutoka chanzo kimoja. Kila moja unaweza kuipunguza, kuizungusha nyuzi 4 kufuata mlango, au kuipinda ifuate bampa, na chanzo kinabaki salama. Ukiamua chungwa igeuke njano, unabofya mara mbili nakala yoyote, unabadili chanzo, unahifadhi, na sehemu zote nne zinabadilika pamoja. Faida nyingine ni ubora: ukiipunguza nakala hadi pikseli 100 leo na kuikuza hadi 300 kesho, haijapoteza kitu, maana kila mara inahesabiwa upya kutoka chanzo. Jihadhari na `New Smart Object via Copy`. Hiyo inatoa nakala inayojitegemea, na utashangaa mlango mmoja umebaki chungwa wakati mingine imekuwa njano.

Photopea inafanya hayohayo, kwa majina yaleyale. Kwa mtu asiye na Photoshop, hii peke yake ni sababu ya kuichagua.

GIMP 3.0 haina kitu cha namna hiyo. Njia inayofanya kazi ni kuichora nembo kwenye faili yake, kwa ukubwa mkubwa, mathalani pikseli 1200, na kuiingiza kwa `File > Open as Layers` kila inapohitajika. Vipimo viandike kwenye jina la leya: "KASI mlango kushoto 320px nyuzi -4". Nembo ikibadilika, futa leya zote nne, ingiza upya, na jina la leya litakuambia ukubwa na mzunguko. Usijaribu kuzungusha tena leya iliyokwisha zungushwa. Kila mzunguko unahesabu pikseli upya, na baada ya mara tatu au nne herufi zinakuwa na ukungu kingoni.

Kugeuza upande wa pili nako kuna kanuni moja inayovunjwa kila siku. Mstari na maumbo ya upande wa kushoto unaweza kuyanakili, kuyageuza kwa `Flip Horizontal` na kuyahamishia kulia. Maandishi na namba hapana. Ukigeuza kundi zima bila kutenganisha, mlango wa kulia utasomeka ISAK kwa herufi zilizopinduka. Kwa hiyo tangu mwanzo weka maumbo kwenye kundi moja na maandishi kwenye kundi lingine. Kundi la maumbo linageuzwa. La maandishi linahamishwa tu.

Na kuna magari ambayo kiolezo chake kinatumia kipande kimoja kwa sehemu mbili, kwa mfano vioo vya pembeni. Chochote utakachoandika hapo kitasomeka vizuri upande mmoja na kinyume upande wa pili. Hakuna programu inayoliondoa hilo. Weka rangi tupu au nembo ambayo ni sawa pande zote.

Kutoa TGA

Hapa mpangilio unageuka kidogo. Photoshop ndiyo iliyonyooka kuliko zote. Zima kundi la `Turn Off Before Exporting TGA`, nenda `File > Save a Copy`, chagua Targa, kisha kwenye kidirisha chagua `24 bits/pixel` na uweke alama kwenye `Compress (RLE)`. Kwenye matoleo mapya usiitafute Targa ndani ya `Save As`, kwa sababu pale zimebaki aina za faili zinazoweza kubeba leya. Unaweza pia kurekodi hatua zote, za kuzima kundi, kutoa faili na kuliwasha tena, kuwa `Action` moja yenye kitufe chake.

GIMP inataka uelewe kitu kimoja. Haikuulizi biti 24 au 32. Inatazama picha: ikiwa na chaneli ya alfa, yaani ile inayobeba uwazi, faili inatoka na biti 32. Picha yenye leya nyingi karibu kila mara inayo. Kwa hiyo kabla ya kutoa ni lazima ubane leya zote kwa `Image > Flatten Image`, ambayo inaondoa alfa. Namna mbili za kufanya hivyo bila kuharibu kazi:

Ya salama ni kunakili picha kwa `Ctrl+D`, kubana nakala, kutoa kwa `Shift+Ctrl+E` na kuweka alama kwenye kisanduku cha RLE. Nakala unaitupa.

Ya haraka, ukiwa katikati ya kujaribu, ni kubana palepale, `Ctrl+E` ambayo inaandika juu ya faili ileile, halafu `Ctrl+Z` kurudisha leya. Sekunde tatu, kisha `Ctrl+R` ndani ya gemu. Hakuna kati ya hizi tatu iliyo na mzunguko mwepesi zaidi ya huu isipokuwa Photoshop yenye `Action`. Hatari yake ni moja: ukisahau `Ctrl+Z` ukahifadhi na kufunga, leya zako zimekwenda. Hifadhi XCF, faili ya GIMP yenyewe inayotunza leya, kabla ya kubana, si baada.

Angalia pia kwamba `Flatten Image` inajaza sehemu zenye uwazi kwa rangi ya nyuma iliyochaguliwa kwenye kisanduku cha zana. Ukiona madoa meupe kwenye gari mahali ulipodhani pana buluu, leya ya chini haikujaa. Ile leya ya buluu ya picha nzima iliyotajwa kwa ajili ya kingo inatibu na hili.

Photopea ina TGA ndani ya `Export as`. Tatizo lake lipo baada ya hapo: faili huenda kwenye folda ya vipakuliwa. Ukitoa mara ya pili bila kuhamisha ile ya kwanza, kivinjari kinaiita `car_num_123456 (1).tga`, na gemu haiitambui. Unabonyeza `Ctrl+R`, gari halibadiliki, unarudi kuchora upya kitu ambacho hakina kosa. Washa mpangilio wa kivinjari unaouliza pa kuhifadhi kila faili, halafu elekeza moja kwa moja kwenye folda ya `paint` na ukubali kuandika juu ya ya zamani. Ni mbofyo mmoja wa ziada kila mara, na kwa mtu anayejaribu mara 50 kwa siku ndiyo sababu ya kuhamia GIMP.

Usikisie kama faili ni ya biti 24. Kichwa cha TGA kina baiti 18, na mbili kati yake zinakuambia kila kitu. Fungua PowerShell uandike, ukiweka njia kamili ya faili yako:

```
$f = [IO.File]::ReadAllBytes("C:\rangi\car_num_123456.tga")
$f[16]
$f[2]
```

Mstari wa kwanza wa jibu ukiwa 24, biti ziko sawa; ukiwa 32, alfa imeponyoka. Wa pili ukiwa 10, RLE imetumika. Ukiwa 2, faili haijabanwa. Faili isiyobanwa unaitambua hata kwa ukubwa: 2048 × 2048 × 3 ni baiti 12,582,912, na ya biti 32 ni 16,777,216, ukiacha kichwa. Fanya kipimo hiki kwenye faili ya kwanza ya kila programu mpya unayojaribu, hasa Photopea. Ikitoka 32, ifungue TGA yenyewe kwenye GIMP, iondoe alfa kwa `Flatten Image`, uitoe upya.

Haya ndiyo yanayotenganisha hizo tatu kwa kazi yetu:

| | Photoshop | GIMP | Photopea |
|---|---|---|---|
| PSD iliyokwisha kupakwa na mwingine | yote inaharirika | mitindo na maandishi hupotea au huganda | yote inaharirika |
| Stika moja sehemu nne | badilisha mara moja | badilisha mara nne | badilisha mara moja |
| Kupata biti 24 | unachagua kwenye kidirisha | lazima ubane leya kwanza | toa, kisha pima |
| Kutoka mchoro hadi kwenye gari | haraka sana ukiwa na `Action` | haraka, `Ctrl+E` | polepole, faili hupitia kivinjari |
| Malipo | kila mwezi | hakuna | hakuna, kuna matangazo |

Rangi zikififia

Ukiona chungwa iliyowaka kwenye skrini imepoa ndani ya gemu, tazama kwanza wasifu wa rangi wa faili yako kabla ya kulaumu taa za uwanja. TGA haibebi wasifu wowote. Ukichora kwenye Adobe RGB au wasifu mwingine mpana, Photoshop inakuonyesha rangi kwa kuusoma huo wasifu, lakini gemu inapokea namba tupu na kuzisoma kivyake. Kaa kwenye sRGB tangu mwanzo. Nembo zilizotengenezwa kwa ajili ya uchapishaji mara nyingi ziko kwenye CMYK. Zigeuze kabla ya kuziingiza. Photoshop ndiyo inayowanasa watu zaidi hapa, kwa sababu inaheshimu wasifu kimyakimya.

Herufi ndogo nazo zina kikomo ambacho huwezi kukivuka kwa kubadili programu. Gari la urefu wa mita 5, upande wake ukichukua pikseli 1,500 za kiolezo, pikseli moja inafunika milimita 3.3. Herufi za urefu wa sentimita 3, kama zile za jina la dereva juu ya dirisha, zinapata pikseli 9. Zinasomeka kwa shida, tena kwa mwandiko mnene usio na mapambo. Chini ya hapo ni ukungu. Usichore nembo ndogo 12 za wafadhili kwenye madigadi. Chora 3 zinazosomeka.

Kuhama katikati ya kazi

Kuna njia ya kuchanganya ambayo kwa wengi ni bora kuliko kuchagua moja: panga stika na maandishi kwenye Photopea, ambako nakala zimeunganishwa, hifadhi PSD, kisha fanya mzunguko wa kutoa na kujaribu kwenye GIMP. Inafanya kazi kwa sharti moja, kwamba PSD ya Photopea ndiyo kazi yenyewe na GIMP ni mahali pa kutolea tu. Ukirekebisha kitu ndani ya GIMP na kukirudisha Photopea kama PSD, zile `Smart Object` zimekwisha kuwa picha za kawaida, na KASI yako imerudi kuwa nembo nne zisizojuana.

Kwa msingi huohuo, anayepaka magari ya timu ya watu wanne au watano, kila gari na namba yake, atapata faida Photopea au Photoshop kwa kuiweka namba kwenye `Smart Object` yake. Unabadili 27 kuwa 28, milango miwili na paa vinafuata, unatoa faili kwa namba ya mteja ya dereva wa pili. Kwenye GIMP kazi hiyo ni leya tatu kwa kila dereva, na ukiwa na madereva watano hizo ni leya 15 za kupanga kwa mkono.

Ukishamaliza, kumbuka kwamba faili iliyo kwenye folda ya `paint` unaiona wewe tu. Wengine uwanjani wataona rangi zako ukizipandisha Trading Paints, huduma ya kugawana rangi za magari, na wao wakiwa wanaitumia, au ukiwapa faili waiweke kwenye folda zao. Ukisikia mwenzako anasema gari lako halina mchoro wowote, mchoro uko sawa, faili haijamfikia.

Magari mengine yanakubali pia ramani ya mng'ao, faili ya pili inayoanza na `car_spec_`, kwa kuamua wapi pang'ae kama chuma na wapi pawe pa mfifio. Hiyo hufanya kazi kwa chaneli za rangi moja moja, na kwa uhariri wa chaneli Photoshop na GIMP zote zinatosha. Malizeni mchoro wa rangi kwanza. Mng'ao juu ya mstari uliopanda ngazi kwenye madigadi huifanya ngazi ionekane zaidi.